Nondo za slabu: kutoka spesi kwenda idadi, bila kuhesabu moja mara mbili

Mchoro wa slabu haukwambii ununue nondo ngapi. Unakwambia kitu kama "T10-150", yaani nondo za unene wa mm 10 kila baada ya mm 150, kwa upande mmoja na "T8-200" kwa upande wa pili, kisha unachora mistari iliyopinda karibu na kuta. Idadi unaitafuta mwenyewe. Kugawanya kwenyewe ni kwepesi. Makosa mengi ninayoyaona yanatokea kabla ya kugawanya, pale mtu anapochagua agawanye urefu upi, na baada ya kugawanya, pale anapofika kwenye nondo za juu za egemeoni, pale slabu inapolala juu ya ukuta, na kuzihesabu kana kwamba ni nondo mpya kabisa.

Nitatumia slabu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni chumba chenye nafasi ya ndani ya mita 3.2 kwa 7.2, kuta zina unene wa mm 200, na slabu imelala juu ya kuta zote hadi ukingo wa nje. Kwa hiyo slabu yenyewe ni mm 3,600 kwa 7,600. Unene ni mm 150, na kava, yaani zege linalofunika nondo, ni mm 20. Upande mrefu umezidi upande mfupi mara mbili, kwa hiyo mzigo unabebwa kwa upande mfupi. Nondo kuu zinalala kwa upande mfupi, nazo ni T10 kwa spesi ya 150. Za mgawanyo zinalala kwa upande mrefu, juu ya zile kuu, T8 kwa spesi ya 200.

Sasa jambo la kwanza, ambalo ndilo kubwa. Nondo inayolala kwa upande mfupi inajipanga kando ya upande mrefu. Ukitaka kujua nondo kuu ni ngapi, usigawanye 3,600. Huo ni urefu wa nondo. Unagawanya 7,600, kwa sababu ndiko zinakojipanga moja baada ya nyingine.

Toa kava pande zote mbili, unabaki na 7,560. Spesi hupimwa kutoka kati ya nondo hadi kati ya nondo, kwa hiyo toa pia unene wa nondo moja, yaani nusu huku na nusu kule: 7,550. Gawanya kwa 150, unapata 50.33. Hizo ni nafasi, bado si nondo. Spesi ya mchoro ni kikomo cha juu, kwa hiyo nafasi zinapandishwa kuwa 51. Halafu ongeza moja, kwa sababu nafasi 51 zinahitaji nondo ya kufungulia na nondo ya kufungia. Jibu ni nondo 52, na spesi halisi itakuwa mm 148. Pandisha kwanza, ndipo uongeze moja. Anayekata desimali akabaki na 50 atapata nondo 51 zenye spesi ya 151. Kwa macho hutaona tofauti, lakini mkaguzi mwenye futi ana haki ya kukukatalia.

Kosa la upande lina hila yake. Tuseme mtu amegeuza, nondo kuu akazilaza kwa upande mrefu. Atapata nondo 25 zenye urefu wa mita 7.56, jumla mita 189. Hesabu sahihi ni nondo 52 za mita 3.56, jumla mita 185. Jumla zinakaribiana mno! Kwa hiyo ukikagua orodha kwa kilo peke yake, slabu iliyogeuzwa itapita bila mtu kushtuka. Kwenye orodha ya nondo huwa natazama kwanza urefu wa kipande kimoja. Nondo kuu ya slabu ya namna hii lazima iwe na urefu wa upande mfupi.

Za mgawanyo zinafuata njia ileile. Zinajipanga kando ya upande mfupi: 3,600 toa 40, toa 8, unabaki na 3,552. Gawanya kwa 200, unapata 17.76, pandisha kuwa nafasi 18, nondo 19, kila moja mita 7.56. Hapa nimehesabu kutoka ukingo hadi ukingo kwa sababu slabu imelala juu ya ukuta. Slabu ikishikana na mihimili yenye nondo zake, michoro mingi huanza kuhesabu kutoka uso wa mhimili, nondo ya kwanza ikikaa sentimita chache kutoka hapo. Idadi itapungua kwa nondo mbili au tatu. Angalia mchoro unasemaje kabla ya kubishana na fundi.

Tuje kwenye zilizokunjwa. Ukuta wa ghorofa ya juu unaukandamiza ukingo wa slabu, ukingo hauwezi kuinuka kwa uhuru, na zege la juu karibu na ukuta linavutwa. Ndiyo maana nondo moja kati ya kila mbili inapandishwa kutoka chini kwenda juu inapokaribia egemeo, kwa mteremko wa nyuzi 45. Maneno ya kushika ni hayo ya "moja kati ya kila mbili". Nondo hizi zimo tayari ndani ya zile 52. Ni 26 zilizonyooka na 26 zilizokunjwa ncha zote mbili. Ukiziandika tena mahali pengine kwenye orodha, umezinunua mara mbili.

Kinachoongezeka ni urefu. Kimo cha mpando ni unene wa slabu toa kava ya chini, kava ya juu na unene wa nondo: 150 − 20 − 20 − 10, yaani mm 100. Mteremko wa nyuzi 45 una urefu wa mara 1.414 ya kimo, lakini urefu wa mlalo unaofunika ni sawa na kimo, kwa hiyo ziada ni 0.42 ya kimo. Hapa ni mm 42 kwa kila mpando, 84 kwa nondo. Iliyonyooka ni mm 3,560, iliyokunjwa ni 3,644. Mafundi wengine hukunja kila nondo ncha moja tu na kuzipanga kwa kupishana, moja ikielekea huku na nyingine kule. Idadi ya mipando inabaki 52 na urefu wa jumla haubadiliki. Wanachofaidi ni kukata na kukunja umbo moja badala ya mawili.

Nondo zilizopanda haziwezi kukaa hewani. Zinahitaji nondo za kuzifunga kwa juu, zinazokwenda sambamba na ukuta. Hizi ndizo zinazosahaulika kuliko zote, kwa sababu kwenye mchoro wa mkato zinaonekana kama vitone tu. Kwa slabu yetu mchoro unasema mpando uanze umbali wa moja ya tano ya nafasi ya ndani, mm 640 kutoka uso wa ukuta. Hapo uliza: 640 hadi kona ya chini au kona ya juu? Kama ni kona ya chini, kona ya juu iko karibu na ukuta kwa mm 100 zaidi, yaani 540. Ongeza 180 zilizo ndani ya ukuta, unabaki na sehemu iliyolala juu yenye mm 720. Gawanya kwa 200, unapata 3.6, nafasi 4, nondo 5. Aliyetumia kona ya chini atagawanya 820, atapata nafasi 5 na nondo 6, na ile ya sita itakuwa inaning'inia juu ya mteremko isiwe na pa kufungwa. Tano kila upande, jumla 10, T8 za mita 7.56. Mimi huilaza ya mwisho palepale kwenye kona ya juu.

Zimebaki nondo za ziada zenyewe. Nondo zilizokunjwa zikiwa moja kati ya kila mbili, spesi ya juu egemeoni ni takriban 300, si 150. Wakati mwingine hiyo inatosha. Mchoro wetu unataka 150 juu pia, kwa hiyo panahitajika nondo fupi za juu za kujaza mapengo. Mtu mwenye haraka atagawanya tena 7,550 kwa 150 na kuandika 52 kila upande. La hasha! Nusu ya mistari hiyo tayari ina nondo iliyopanda. Fupi inakaa juu ya ile iliyonyooka tu, kwa hiyo ni 26 kila egemeo, jumla 52. Urefu wake ni 180 ndani ya ukuta na 640 nje, pamoja na mguu wa mm 100 unaoshuka ukingoni: mm 920.

Idadi hii ya vipande haiendi dukani moja kwa moja, kwa kuwa nondo inauzwa kwa mita 12. Nondo moja ya T10 inatoa vipande vitatu vya nondo kuu na kubakiza zaidi ya mita moja, ambayo inatosha kipande kimoja cha 920. Nondo 17 zinatoa kuu 51 na fupi 17. Ya 18 inatoa kuu iliyobaki na fupi 9. Zimebaki fupi 26, na nondo mbili zinazimaliza kwa 13 kila moja. Jumla T10 ni 20, na karibu hakuna cha kutupa. Aliyeandika fupi 104 angenunua nne zaidi bila sababu.

T8 zinataka uangalifu wa aina nyingine. Vipande ni 19 na 10, jumla 29. Ukigawanya mita zote kwa 12 utapata 18.3 na utaagiza 19, kisha utakwama. Kila nondo inatoa kipande kimoja na kubakiza mita 4.44, na mabaki mawili yanaungwa kuwa kipande kimoja, kwa kupishana mara 50 ya unene, yaani mm 400. Nondo 19 zinatoa 19 nzima na 9 za kuungwa: 28. Unahitaji 20. Maungio usiyapange kwenye mstari mmoja, yatawanye.

Kabla zege halijamwagwa, huwa napima mara mbili tu. Kwa chini napima kutoka nondo ya kwanza hadi ya kumi na moja: nafasi kumi, zisizidi mm 1,500. Kwa juu nasimama egemeoni na kuhesabu ncha zote, zilizopanda na fupi pamoja. Ziwe 52. Zikiwa 26, fupi bado ziko chini zimefungwa kwenye bando. Zikitimia 52 lakini zimelala kwa sababu watu wamezikanyaga, idadi haitasaidia kitu. Zinyanyuliwe na ziwekewe viti vya nondo, kwa kuwa nondo ya juu iliyoshuka hadi katikati ya slabu ya mm 150 haifanyi kazi iliyowekewa.