Kotesheni imeisha muda na hela ndo imetoka leo: tunavyodhani na ilivyo

Wanaonunua vifaa vya miradi wanaijua hali hii. Umechukua kotesheni ya bei kwenye duka la Gerezani au Kariakoo, Dar, chini kabisa kwa maandishi madogo wameandika bei ni halali kwa siku 14, ukaipeleka kwa mwenye hela, mwenye hela akakaa nayo wiki tano, leo kaidhinisha na anataka vifaa wiki hii hii tena kwa bei ileile iliyo kwenye karatasi. Wewe wa katikati ndo unatakiwa umpigie saplaya. Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho, vifaa vya kisima cha shule: pampu ya kuzamisha, waya wake mita 120, bomba nyeusi za inchi mbili mita 300, tanki la lita 5,000 na viunganishi. Jumla tuseme ni 7,800,000 kabla ya VAT.

"Alishaandika bei na muhuri akagonga, hawezi kuruka"

Anaweza, na wala hajaruka. Kotesheni ni pendekezo tu, na Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) iko wazi kwamba pendekezo likiwekewa muda wa kukubaliwa na muda ukapita, limekwisha. Ukituma LPO, yaani oda yako ya maandishi ya kununua, wiki tatu baadaye kwa bei ya zamani haujakubali ofa yake, maana ofa haipo, wewe sasa ndo unayetoa ofa mpya na yeye ndo mwenye uhuru wa kusema ndiyo au hapana. Kwa hiyo ile lugha ya "mlituahidi" na "lazima muheshimu bei yenu" haina mguu wa kusimamia, halafu inamuudhi mtu ambaye unamuomba fadhila.

Hapo hapo angalia siku zinahesabiwa kuanzia lini na hadi tukio gani. Zinaanza tarehe iliyo kwenye karatasi, sio siku uliyoifungua Watsapu. Na maduka mengi yakisema siku 14 yanamaanisha hela iwe imeingia kwenye akaunti yao ndani ya hizo siku, LPO peke yake hawaihesabu. Mtu anatuma LPO Ijumaa siku ya mwisho, benki inatuma hela Jumatatu, anashangaa anaambiwa bei imebadilika.

"Usimuulize, mlipe kimya kimya kwa bei ya zamani, akiona hela atapokea"

Hii ndo inayoumiza watu zaidi kuliko zote, na mbaya zaidi kuna wakati inafanya kazi kwa hiyo watu wanaamini ni ujanja. Shida ni kwamba keshia ndo anayeona hela, na keshia hajui kitu kuhusu bei ya waya, anapokea tu. Siku ya kuchukua mzigo ndo mtu wa mauzo anafungua sistimu anaona bei haifanani anakwambia kuna tofauti ongeza, na wewe hela yako yote iko kwake, gari umeshakodi, fundi yuko saiti anasubiri. Nguvu ya kuongea hauna tena.

Kuna la pili ambalo halisemwi sana. Saplaya asiyetaka kukukatalia anaweza kukupa mzigo unaolingana na hela uliyolipa. Sio lazima awe mwizi, ni kwamba kwenye kotesheni yako uliandikiwa "bomba inchi mbili" basi, haikusemwa inabeba presha kiasi gani. Unaletewa PN 6 badala ya PN 10, kipenyo cha nje ni kilekile 63 mm lakini ukuta ni mwembamba, na pampu ikianza kusukuma maji mlimani ndo utajua. Kwa bahati bomba linajisema lenyewe, kwenye mwili limechapwa kipenyo, unene wa ukuta na PN, lisome kabla halijapanda gari. Waya nao ukate kichwa kidogo ukwangue kwa kisu, kama ndani kuna weupe chini ya wekundu basi hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, sio shaba. Na kwa pampu ya kuzamisha hiyo ni hasara, maana saizi ileile ya alumini umeme unapungua zaidi njiani kabla haujafika kwenye mota.

"Kuomba niongezewe muda ni sawa na kuomba bei ya zamani"

Hapana, haya ni maombi mawili tofauti na ukiyachanganya unapata jibu baya la yote mawili. Ombi la kwanza: naomba kotesheni iwe hai tena mpaka tarehe fulani. Ombi la pili: naomba bei zibaki. Ukisema yote kwa mpigo kama kitu kimoja, saplaya ambaye labda ni bidhaa mbili tu kati ya tano zimepanda anajikinga, anakwambia bei zote zimepanda, ongeza asilimia 8. Na yeye ana hoja, hana muda wa kukaa kukuchambulia, anaweka namba inayomlinda.

Kwa hiyo omba mstari kwa mstari. Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi, kwa imeili na nakala Watsapu:

"Dada habari za kazi. Naulizia kotesheni yenu ya vifaa vya kisima, najua muda wake umepita. Mteja ameidhinisha na malipo yote tunaweza kufanya kabla ya Ijumaa. Naomba unisaidie kuangalia: vitu gani bado mnavyo stoku na bei yake inabaki, na vipi vimebadilika na sasa ni bei gani. Kama inawezekana nipatie kotesheni mpya yenye tarehe mpya, iwe halali mpaka Ijumaa hiyo. Idadi na aina ya vifaa havijabadilika. Asante."

Ona kilichomo. Umekiri muda umepita, kwa hiyo hana haja ya kukukumbusha. Umempa tarehe ya karibu, sio "mwezi mmoja zaidi", maana kushikilia bei siku tano ni kitu kidogo kwake ila siku 30 ni kamari na atajiwekea bima kwenye bei. Umemwambia hela ipo. Na umemuuliza kuhusu stoku, ambalo ndo swali lenyewe, sababu mzigo ulioko godauni alishaulipia kwa gharama ya zamani na ana uwezo wa kukuachia, wakati mzigo wa kontena linalokuja gharama yake ni nyingine na hapo hata ukilia hawezi.

Sasa kwenye mfano wetu tuseme majibu yanarudi hivi: pampu, tanki na viunganishi viko stoku, bei ileile. Waya umepanda kutoka 9,500 hadi 10,300 kwa mita. Bomba zimeisha, zinazokuja ni 8,300 badala ya 7,800. Waya unaongeza 96,000, bomba 150,000, jumla mpya 8,046,000. Lile ongezeko la asilimia 8 kwa vyote lingekupeleka 8,424,000. Tofauti ni 378,000, na ukiweka VAT ya asilimia 18 juu yake inakuwa 446,040, zote zimetokana na namna ulivyouliza.

Na bado mazungumzo hayajaisha. Waya unaweza kumuuliza kwa upole kwamba huo wa 10,300 ni wa roli jipya au la zamani, kama amebakiwa na roli la zamani lenye mita 120 basi omba hilo. Waya wa shaba kupanda sio maneno tu, shaba ina bei ya soko la dunia inayocheza kila siku, kwa hiyo akikwambia waya umepanda mwelewe. Akikwambia tanki la plastiki lililokaa uani miezi miwili limepanda, hapo una haki ya kuuliza kwa nini.

Kuna wanaouliza kama watoe kianzio ili bei ishikiliwe. Ni wazo zuri, na ndo kitu pekee kinachomfunga saplaya kweli, maana ahadi ya bure ya kushikilia bei anaweza kuiondoa muda wowote kabla hujakubali. Ila kianzio kiandikwe kinashikilia nini: bidhaa zipi, bei gani, mpaka lini, na kama ukishindwa kumalizia unarudishiwa au la. Risiti iliyoandikwa tu "advansi" haijashikilia kitu.

"Ukiuliza unamwamsha, bei huwa zinapanda tu"

Sio kweli kila mara. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipata nguvu haraka, dola ikatoka kwenye 2,700 na ushei mpaka karibu 2,400 ndani ya miezi michache, na mtu aliyekuwa na kotesheni ya Oktoba akaing'ang'ania Desemba kama dhahabu alikuwa anang'ang'ania bei ya juu. Sawa, bei ya dukani haishuki haraka kama dola inavyoshuka, wafanyabiashara ni watu pia, lakini usipouliza haishuki kabisa.

Na msidanganyike kwamba kwa kuwa kanuni za 2025 zimekataza kunukuu bei za ndani kwa dola basi dola haihusiki tena. Karatasi itasoma shilingi, ila pampu bado imenunuliwa nje kwa dola, na saplaya anapopanga bei ya shilingi anaangalia atainunua nyingine kwa shilingi ngapi. Ndo maana siku hizi kotesheni za vitu vya nje nyingine zina siku 7 tu. Kabla hujampigia, angalia dola ilikuwa ngapi tarehe ya kotesheni na leo ni ngapi, Benki Kuu wanaweka hiyo kwenye tovuti yao. Kama haijasogea na anakwambia "dola imepanda", unayo ya kumjibu bila kugombana.

"Kasema sawa kwenye simu, inatosha"

Kasema nani? Mara nyingi ni kijana wa mauzo, na wiki ijayo yuko likizo au kahamia duka la jirani. Ujumbe wa Watsapu una uzito kuliko simu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua maandishi ya kielektroniki, lakini mhasibu wako na mkaguzi wanataka karatasi ambayo tarehe yake inatangulia LPO. Kwa hiyo omba kotesheni mpya yenye namba mpya, au ileile iliyoandikwa ni marekebisho ya kwanza, na LPO yako itaje hiyo namba mpya. Hili la mwisho watu wanalisahau sana: wanapata kotesheni mpya safi kabisa halafu LPO inanakiliwa toka faili la zamani na namba ya ile iliyokufa, na ukifika dirishani keshia anafungua hiyo ya zamani kwenye sistimu, inamwambia imeisha muda, mnaanza upya.