Je, wajua? Kilele kirefu kwenye grafu ya masafa si lazima kiwe noti unayoisikia

*“Baba mdogo anaimba besi kwenye kwaya yetu hapa Tabora. Nimemrekodi akishikilia noti moja kwa irabu ‘o’, nikaifungua rekodi kwenye Audacity, na kilele kirefu kuliko vyote kimesimama kwenye 440. Besi gani anafika 440? Imekosea programu au amekosea baba mdogo?”*

Hakuna aliyekosea. Ikiwa kushoto na kulia kwa kilele hicho vimesimama vilele vifupi karibu na 110, 220, 330, 550 na 660, basi baba mdogo anaimba noti ya hezi 110, ambayo ni noti ya kawaida kabisa kwa besi, na ile 440 ni sehemu ya nne ya sauti hiyohiyo moja.

Dhana kwamba kilele kirefu ndicho noti yenyewe imeenea sana, na haishangazi, kwa sababu jicho huvutwa na kinachojitokeza. Hata hivyo, grafu inayopatikana kwa `Analyze > Plot Spectrum` haidai jambo hilo. Mstari wa chini unaonyesha masafa kwa hezi, yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde, na mstari wa wima unaonyesha nguvu kwa desibeli, ambapo −22 ni kubwa kuliko −38. Kila kilele kinasema tu kwamba katika masafa haya kuna nguvu kiasi hiki. Ni noti gani itakayosikika ni swali jingine, na jibu lake limo katika nafasi zilizopo kati ya vilele wala si katika urefu wake.

Tuanzie kooni. Nyuzi za sauti za baba mdogo hufunguka na kufunga mara 110 kwa sekunde, na kila zinapofunga hukata pumzi kwa ghafla, hivyo wimbi linalotoka si laini bali lina kona kali. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alionyesha kwamba mwendo unaojirudia kwa kipindi kimoja, hata uwe na umbo gani, unaweza kuelezwa kama jumla ya mawimbi laini ambayo masafa yake ni mafungu kamili ya marudio hayo: mara moja, mara mbili, mara tatu na kuendelea. Mafungu hayo ndiyo huitwa hamoniki, na ndiyo sababu vilele vya sauti ya mtu hupangana kwa nafasi sawa, kila hezi 110.

Urefu wa kila kilele unaamuliwa zaidi na koo na mdomo. Uwazi ulio juu ya nyuzi za sauti hukuza masafa fulani na kufifisha mengine kulingana na umbo lake. Kwa mwanamume anayetamka “o”, eneo la kwanza linalokuzwa huwa takriban kati ya hezi 400 na 500, ingawa hutofautiana kati ya mtu na mtu. Hamoniki iliyoangukia humo ni ile ya nne, yaani 440. Kwa hiyo kilele kirefu kinaeleza irabu, na nafasi kati ya vilele inaeleza noti. Jambo hili linaweza kupimwa: mwambie ashikilie noti ileile lakini ahame kutoka “o” kwenda “i”. Kilele kirefu kitahamia chini, karibu na 220 au 330, na kundi jingine la vilele litainuka mbali kulia, juu ya 2000. Nafasi ya 110 haitabadilika hata kidogo, na sikio litathibitisha kwamba noti ni ileile.

Sikio hufanyaje kazi hiyo? Fikiria watu watatu wakitwanga katika kinu kimoja. Katika muda uleule wa kwanza anapiga mara mbili, wa pili mara tatu, wa tatu mara nne. Michi yao hugongana kwa namna nyingi, lakini mara moja tu katika kila mzunguko yote mitatu hushuka pamoja, na anayesikiliza kutoka mbali hulishika pigo hilo la pamoja, ijapokuwa hakuna hata mmoja wao anayetwanga kwa mwendo huo. Vivyo hivyo mawimbi ya 220, 330 na 440 hurudi kukutana mara 110 kwa sekunde, na ubongo husikia noti ya 110 hata kama kilele cha 110 chenyewe hakipo. August Seebeck aliliona jambo hili kwa king’ora mwaka 1841, na Georg Ohm, yuleyule wa sheria ya umeme, akampinga. Ushahidi wa kila siku uko upande wa Seebeck: simu za kawaida za zamani zilipitisha takriban hezi 300 hadi 3400 tu, na bado sauti nzito za wanaume zilisikika nzito.

Kupima nafasi hiyo kunahitaji uangalifu. Kwa rekodi ya sampuli 44100 kwa sekunde, chaguo la `Size` la 2048 kwenye dirisha la grafu huigawa grafu katika hatua za hezi 21.5, kwa hiyo vilele vya 100 na 110 huungana kuwa kimoja. Ukichagua 16384, hatua hupungua hadi hezi 2.7. Kisha usisome kilele cha kwanza. Tafuta cha kumi na ugawe kwa kumi. Kikiwa 1104, noti ni 110.4, na kosa la kusoma nalo limegawanywa kwa kumi. Chagua sehemu ambayo sauti imetulia, kwa sababu mtetemo wa sauti wa asilimia 2, ambao kwenye 110 ni kama hezi 2 tu, kwenye kilele cha kumi unakuwa kama hezi 22, na vilele vya juu hutanuka hadi kupotea.

Kilele cha 100 kinastahili kutiliwa shaka mapema. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na mvumo wake hujipenyeza kwenye rekodi kwa 50, 100, 150 na kuendelea. Rekodi sekunde chache za ukimya katika chumba kilekile. Kilele kinachobaki baba mdogo akiwa amenyamaza, au kisichohama anapopandisha noti, si chake.

Kanuni ya nafasi nayo ina mpaka. Zipo sauti zenye hamoniki za namba witiri tu, kama ya bomba lililozibwa upande mmoja: 110, 330, 550. Nafasi hapo ni 220, lakini noti ni 110, kwa hiyo lililo salama zaidi ni kutafuta namba kubwa kuliko zote inayogawa vilele vyote bila baki.

Ngoma kwa kawaida haikubali hata hilo. Ngozi ya duara iliyovutwa sawasawa, kwa hesabu za nadharia, ikiwa na kilele cha kwanza kwenye 100 itatoa vinavyofuata karibu na 159, 214 na 230. Ngoma halisi husogeza namba hizo, kwa kuwa hewa na mzinga huilemea ngozi, lakini mara nyingi vilele hubaki bila kigawanyo cha pamoja chenye maana, na ndiyo maana kwaya inaweza kuchukua noti kutoka kwa baba mdogo lakini ni vigumu kuichukua kutoka kwenye ngoma inayompigia.