Kadi mpya, makato ya zamani

Wiki hii ni mtu wa nne kuniambia CVV mpya, zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, ndiyo iliyoua malipo yake ya kila mwezi. Safari hii ni shemeji yangu. Kadi yake ilipotea kwenye daladala, akaifunga, benki ikampa nyingine yenye namba tofauti. Tarehe 5 huduma ya filamu ikakata pesa kama kawaida. Tarehe 9 makato ya hifadhi ya picha yakagoma.

CVV haihusiki, jamani. Muuzaji haruhusiwi kuitunza baada ya malipo kuidhinishwa, kwa hiyo makato ya mwezi wa pili na kuendelea hupita bila hiyo. Anachotunza ni namba ya kadi na tarehe ya mwisho, au tokeni inayosimama badala ya namba. Hapo ndipo huduma zake mbili zilipoachana.

Kwa tokeni ya Visa au Mastercard, muuzaji hahitaji kujua kadi imebadilika. Tokeni inabaki ileile; benki inauelekeza mtandao uiunganishe na namba mpya. Ile ya filamu ilipita huku.

Anayetunza namba yenyewe lazima aulize. Visa wana Account Updater, Mastercard wana Automatic Billing Updater. Benki iliyotoa kadi inapeleka huko namba ya zamani na mpya. Muuzaji, kupitia benki yake au kampuni inayomchakatia malipo, anatuma namba alizonazo na kurudishiwa jibu: namba mpya hii hapa, tarehe tu ndiyo imebadilika, akaunti imefungwa, au mtafute mteja mwenyewe. Benki haimpigii simu muuzaji yeyote, wala haina orodha ya huduma ulizojiunga nazo ikae inazitaarifu moja moja. Asiyeuliza hapati. Na benki isipojiunga na mpango huo, au ikichelewa kupeleka taarifa, hata anayeuliza anarudi mikono mitupu.

Upande wa muuzaji, msimbo wa kukataliwa husaidia kidogo: 54 ni kadi iliyopita tarehe, 14 ni namba isiyotambulika, 41 ni kadi iliyopotea. Kurudia makato kwenye 41 ni kupoteza muda. Tafuta namba mpya. Tatizo ni 05, ambayo maana yake ni “hapana” bila sababu. Nikikutana nayo nakisia tu, kama wenzangu wote, ingawa kwenye ripoti tunaandika kwa kujiamini.

Nikamwambia shemeji aingie kwenye hifadhi ya picha aweke kadi mpya mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ile ya filamu inazimwaje, maana alidhani kufunga kadi ndiko kujitoa. La hasha. Kujitoa ni kwa muuzaji, na tarehe 5 ijayo atakatwa tena.