Kinachopimwa ni mabaki: dhana potofu kuhusu kupima kidonge cha kiungulia

Kidonge cha kiungulia kinachouzwa karibu kila duka la dawa hapa Chake Chake kimeandikwa miligramu 500 za kalsiamu kaboneti. Kukijua kama kina kiasi hicho kweli hakuhitaji mashine ya bei. Bureti, pipeti, mizani nzuri na jiko vinatosha. Kinachotuharibia majibu kwenye maabara za skuli ni dhana kadhaa ambazo watu huingia nazo mlangoni.

"Kidonge ni besi, basi kidondoshee asidi kutoka bureti mpaka rangi ibadilike"

Hii ndiyo ya kwanza, na inaonekana ya busara. Isage dawa, itie maji, weka kiashiria, fungua bureti ya asidi. Tatizo ni kwamba kalsiamu kaboneti haiyeyuki majini. Inabaki unga mweupe chini ya chupa. Kiashiria, yaani fenolfthalini, kinakuwa waridi hafifu, unatia tone la asidi, waridi linapotea, unaandika namba. Baada ya dakika rangi imerudi, kwa sababu chembe za chini zimetoa besi nyingine. Unatia tena, inarudi tena. Nimewaona wanafunzi wakikaa saa nzima na chupa moja, kila mmoja na namba yake.

Ndiyo maana tunakwenda kinyume. Tunaitia dawa asidi nyingi kuliko inavyohitaji, tena kwa kipimo tunachokijua, tunaiacha ile mpaka ishibe, kisha tunapima asidi iliyobaki kwa hidroksidi ya sodiamu. Ni kama kumpa mtoto shilingi elfu kumi aende sokoni: ukihesabu chenji unajua ametumia ngapi. Lakini usipojua ulimpa ngapi, chenji haikwambii kitu. Kwa hiyo "asidi ya ziada" haina maana ya asidi ya kumimina tu kwa jicho. Ni mililita 25.00 kwa pipeti, ya ukolezi uliothibitishwa.

Utajuaje kama ziada ipo kweli? Tia kiashiria kabla ya kufungua bureti. Ikitokea waridi hapo hapo, asidi yote imeliwa na kipimo hicho kimekufa. Anza upya na unga kidogo zaidi.

"Hidroksidi ikitumika nyingi, kidonge kina nguvu"

Ni kinyume chake. Hidroksidi inahesabu mabaki, basi ikitumika nyingi ina maana asidi nyingi ilibaki, yaani kidonge kilikula kidogo. Hili likikaa kichwani, makosa mengine yote unaweza kuyatabiri yanaelekea wapi.

"Tunachemsha ili dawa iyeyuke haraka tu"

Kuyeyuka ni nusu ya sababu. Angalia kinachotokea:

```
CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + CO2 + H2O
```

Ile povu unayoiona ni kaboni dioksaidi, na si yote inayotoka. Nyingine inabaki imeyeyuka ndani ya maji. Ukitumia fenolfthalini, gesi hiyo nayo inakula hidroksidi kama vile ni asidi. Dalili yake ni waridi linalokuja, unafurahi, ukitikisa chupa linafifia. Mwanafunzi anatia tone jingine, na jingine. Kwa vipimo tunavyotumia hapa chini, nusu mililita iliyopotea namna hiyo inakipunguzia kidonge karibu miligramu 25 kwenye hesabu, na kidonge hakina kosa. Chemsha taratibu dakika chache mpaka povu ikome, osha kuta za chupa kwa maji yaliyosafishwa, acha ipoe, ndipo upime.

Unga mweupe unaobaki hata baada ya kuchemsha usikutishe. Vidonge vina wanga, ulanga na vitu vingine vya kushikilia umbo visivyoliwa na asidi. Kama hautoi povu tena, si kaboneti.

"Chupa imeandikwa 0.500, basi ni 0.500"

Hapa nataka kukaa, kwa sababu ndipo tulipokaribia kukisingizia kidonge kizima. Tulipima vidonge 20 kwa pamoja, wastani ukawa gramu 1.320 kwa kimoja. Tukavisaga, tukachukua gramu 0.660, sawa na nusu kidonge. Tukatia mililita 25.00 za asidi hidrokloriki ya moli 0.500 kwa lita, yaani milimoli 12.50. Baada ya kuchemsha na kupoza, bureti ya hidroksidi ikasoma wastani wa mililita 15.50.

Wanafunzi wakahesabu kwa lebo ya chupa ya hidroksidi: 15.50 mara 0.500 ni milimoli 7.75 zilizobaki. Zilizoliwa ni 4.75. Kila moli moja ya kaboneti inakula moli mbili za asidi, basi kaboneti ni milimoli 2.375, karibu miligramu 238 kwenye nusu kidonge. Kidonge kizima: miligramu 475, asilimia 95 tu ya kilichoandikwa. "Mwalimu, hii dawa imepunguzwa!" akasema mmoja, na darasa zima likamuunga mkono.

Nikawaonesha kopo la hidroksidi. Ilikuwa masika, na zile chembe nyeupe zilikuwa zinang'aa na kugandana, nyingine zimeshakuwa tope pembeni. Hidroksidi ya sodiamu inanyonya maji ya hewani, na inanyonya kaboni dioksaidi pia. Ukipima gramu 20 kwa lita moja hapa kwetu, sehemu ya hizo gramu 20 ni maji. Mizani haijui tofauti.

Ili kuipima hidroksidi yenyewe, tulichukua potasiamu haidrojeni fthaleti iliyokaushwa kwenye oveni, chumvi yenye asidi isiyonyonya unyevu, gramu 1.021, ambayo ni milimoli 5.00. Hidroksidi ya 0.500 ingemaliza kwa mililita 10.00. Yetu ilimaliza kwa 10.25. Gawa 5.00 kwa 10.25: ukolezi wa kweli ni 0.488.

Rudi kwenye hesabu. 15.50 mara 0.488 ni milimoli 7.56. Zilizoliwa ni 4.94, kaboneti ni 2.47, na kidonge kizima kina miligramu 494. Asilimia 99, kwa karibu. Dawa ilikuwa salama. Dhaifu ilikuwa chupa yetu. Tangu siku hiyo hidroksidi inapimwa asubuhi ile ile inayotumika, na namba inaandikwa juu ya chupa pamoja na tarehe.

"Njia hii inapima kidonge chochote cha kiungulia"

Inapima jumla ya asidi iliyoliwa, haijui nani amekula. Kidonge chenye kalsiamu kaboneti pamoja na hidroksidi ya magnesiamu kitakupa namba moja, na huwezi kuigawa uitoe kaboneti peke yake.

Chenye hidroksidi ya alumini kina mtego zaidi. Alumini iliyoyeyuka kwenye asidi, ukianza kuirudishia hidroksidi, inaigeuzia mgongo na kuganda tena kabla fenolfthalini haijabadilika, na inakula hidroksidi njiani. Utaona utando mweupe kama uji mwembamba unatokea katikati ya kazi, na kidonge kitasomeka dhaifu kuliko kilivyo. Kwa vidonge vya aina hiyo watu wa dawa huacha kiashiria, huweka kipima pH ndani ya chombo na kusimama pH 3.5, chini ya pale alumini inapoanza kuganda.