Wosia wa 2021, fomu ya 2009

"Baba aliandika wosia kwamba kila kitu chake ni cha mama. Mbona pensheni imelipwa shangazi?"

Kwa sababu pensheni haikuwa ndani ya hicho "kila kitu". Nilikuwa nikiamini, na niliwahi kumwambia mtu kwa uhakika wa kutisha, kwamba karatasi yenye tarehe ya karibuni ndiyo inayoshinda: wosia wa 2021 ufute fomu ya pensheni ya 2009 iliyomtaja shangazi kuwa mnufaika. Kanuni hiyo ipo, ila ni ya wosia kwa wosia. Fomu ya kumteua mnufaika si wosia, kwa hiyo hazishindani hata kidogo. Wala si kwamba fomu ina nguvu kuliko wosia, kosa ambalo nililishika baada ya kuacha lile la kwanza. Kila moja inatawala mali yake.

Fikiria mzigo uliopeleka ofisi ya basi. Umeandika jina la dada yako, karani ameupokea. Ukirudi nyumbani ukaandika barua kwamba mzigo ni wa mkeo, karani hataiona, na hata akiionyeshwa atasoma jina lililo kwenye mzigo. Kulibadili, lazima urudi kwake.

Fedha za pensheni ziko hivyo. Wanaozishika ni wadhamini wa mfuko, na wamefungwa na kanuni za mfuko huo. Nchini Kenya, kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinasema wazi kuwa mafao ya mwanachama aliyefariki si sehemu ya mirathi yake. Bima ya maisha hufika hapohapo kwa njia nyingine: ni mkataba, na kampuni iliahidi kumlipa aliyetajwa.

Sasa tuseme baba alijaza fomu 2009, akiwa kapera, akamtaja dada yake. Akaoa, akanunua kiwanja, akaandika wosia. Kiwanja kinapita mahakamani na kumfikia mama. Shangazi anapeleka kitambulisho na cheti cha kifo kwa wadhamini, na huenda akalipwa kabla kesi ya mirathi haijatajwa hata mara moja. Hakuiba kitu.

Lakini si kila fomu ni msumari. Kanuni za baadhi ya mifuko huwapa wadhamini hiari, na fomu ikawa ni mwongozo tu. Hapo mama ana haki ya kuwaandikia, akiambatanisha cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto, kabla hela hazijatoka. Fomu ikiwa tupu, au aliyetajwa akiwa ametangulia kufa, kanuni za mfuko ndizo huamua. Na kuna wanaoandika kwenye nafasi ya mnufaika maneno "mirathi yangu". Hao, kwa kalamu yao wenyewe, huirudisha pensheni mikononi mwa wosia.