Kabla ya Kukata Tumbo kwa Ajili ya Kicheni Pati

Mavuno yakishaingia ndani na kadi za harusi zikaanza kuzunguka hapa Mbeya, kliniki yetu ya upasuaji hupata swali moja kila mara: "Daktari, kukata tumbo ni shilingi ngapi?" Wanamaanisha upasuaji wa kulirekebisha tumbo lililolegea baada ya kuzaa. Mwaka huu wanaouliza wameongezeka, ndiyo maana naandika. Wengi wanapofika huwa wameshaamua, kilichobaki ni bei tu.

Nieleze habari za mama mmoja wa miaka 34, muuza mitumba pale Mwanjelwa. Nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alikuja na mtoto wa miezi 11 mgongoni, na kwenye simu ana picha ya tumbo la mwanamke mwingine. Kicheni pati ya wifi yake ilikuwa imebakiza wiki 5. Siku ya kupima sare, wifi alimwuliza mbele ya watu kama ana mimba nyingine. Nikamwuliza: mama, wifi yako asingesema neno lile, ungekuja leo? Akanyamaza, akaifunga upya kanga yake, kisha akasema, "Ningekuja, lakini si mwezi huu." Haja ilikuwa yake kweli. Tarehe ndiyo ilikuwa ya wifi.

Tumbo linalobaki baada ya kujifungua laweza kuwa mafuta, ngozi iliyolegea, au misuli iliyoachana katikati. Mara nyingi ni mchanganyiko. Nimesema hili mpaka nimechoka: upasuaji huu si wa kupunguza unene. Unaondoa ngozi iliyozidi na kushona misuli irudi pamoja, basi.

Misuli unaweza kuipima mwenyewe. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza vidole juu kidogo ya kitovu. Shimo linalopita upana wa vidole viwili linaonyesha misuli imeachana. La yule mama lilikuwa vidole vitatu. Hali hiyo kwa wengi hupungua kwa mazoezi ya tiba, hasa mwaka wa kwanza, lakini ngozi iliyochanika ndani haijirudi kwa mazoezi.

Yeye alikuwa bado ananyonyesha, uzito wake unashuka kila mwezi, na anataka mtoto wa tatu. Mambo hayo matatu yanatosha kuahirisha. Mimba mpya huitanua tena kazi iliyofanyika, na sisi tunataka uzito uwe umetulia angalau miezi 6.

Sasa tuseme angefanyiwa. Kovu hutoka nyonga moja hadi nyingine, chini ya mstari wa chupi. Ukiwa na kovu la sikio lililovimba baada ya kutoboa hereni, tuonyeshe, kwa sababu hata hili la tumbo laweza kuvimba hivyo. Siku za kwanza unatembea umeinama, na mara nyingi kuna mirija midogo ya kutoa majimaji. Kwa wiki 6 hivi hubebi kitu kizito. Robota la mitumba lina kama kilo 45, na mtoto wa miezi 11 naye ni mzigo. Kicheni pati ingemkuta ameketi kitini.

Wanaokwenda kufanyiwa Dar es Salaam wana hatari nyingine ambayo ni nadra kuulizwa. Baada ya upasuaji damu huganda kwa urahisi kwenye mishipa ya miguu, na kukaa kwenye basi zaidi ya kilomita 800 huongeza hatari hiyo. Usipande basi mpaka daktari aliyekupasua akuruhusu. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi zikakukatika ghafla na kifua kikachoma, nenda hospitali saa ileile, hata kama ni usiku na uko njiani.

Kuhusu utaratibu: daktari lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na awe na leseni hai. Omba jina lake kamili na namba ya usajili, uyahakiki kwa Baraza. Kutoa huduma bila usajili ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2017. Fomu ya ridhaa unaisaini wewe mwenyewe, baada ya kuelezwa madhara kwa lugha unayoielewa. Kama wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu, mume hakusainii, wala wifi. Ukiletewa fomu ukiwa umeshavalishwa gauni la kuingilia chumba cha upasuaji, una haki ya kuirudisha na kuomba siku nyingine.

Yule mama tulimpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Baada ya miezi 7 shimo lilikuwa chini ya vidole viwili. Ngozi bado imelegea, na anasema bado anautaka upasuaji, akishamaliza kuzaa. Faili lake tunalo.