Brochi ya dhahabu ina miaka mingapi? Geuza kwanza uangalie mgongo

Watu wengi wakiniletea kitu cha dhahabu cha zamani wanataka jibu moja, mwaka fulani, basi. Lakini kitu cha dhahabu hakina umri mmoja. Jiwe linaweza kuwa la 1860, mwili umetengenezwa 1910, kulabu imebadilishwa na sonara fulani 1950 na pini ikakatwa kwa sababu ilikuwa imepinda. Kwa hivyo kazi yangu hasa ni kujua gani ilizaliwa na kitu chenyewe na gani ililetwa baadaye. Kuna sheria moja naishikilia sana: kitu hakiwezi kuwa kizee kuliko sehemu yake ya asili iliyo changa zaidi. Shida yote iko kwa hilo neno asili, juu lazima uonyeshe hio sehemu ilikuwa hapo tangu mwanzo.

Wacha niwaonyeshe na brochi moja niliyoletewa hapa Kisumu na mama mmoja wa upande wa Maseno. Babu yake alikuwa mpishi kwa nyumba ya mzungu kule Nakuru, na wenye nyumba walipohama wakampa nyanya hio brochi. Familia inajua ni ya enzi za Malkia Viktoria, kama 1850 hivi, na sasa ndugu wanataka kuigawana kwa pesa so umri umekuwa jambo. Mbele ina jiwe jekundu katikati na almasi tano kulizunguka. Inang'aa poa tu. Lakini mbele ndio mahali pa mwisho mimi huangalia, kwa sababu mbele ndio watu husafisha na kupiga polish na kurembesha. Mgongo hakuna mtu huusumbukia, kwa hivyo ndio umebaki na habari.

Nikageuza, nikachukua lenzi ya mara kumi. Kitu cha kwanza ni alama, 15CT, imegongwa ndogo kando ya bawaba. Hio peke yake inasaidia sana. Waingereza waliruhusu dhahabu ya karati 15, yaani sehemu 15 kwa 24, kuanzia 1854, na ikaondolewa 1932 karati 14 ikachukua nafasi yake. So kama alama ni ya kweli, mwili wa brochi umetengenezwa kati ya hio miaka miwili, na 1850 ya familia imeshatoka. Najua mtu anaweza kugonga alama ya uongo, ndio maana huwa siachi hapo, lakini hii ilikuwa imelainika kingo sawasawa na dhahabu iliyo karibu nayo, si alama mpya juu ya ngozi iliyochakaa.

Halafu bawaba. Brochi za zamani bawaba yake ni vipande vitatu vya mrija mwembamba, viwili vimeshikamana na mwili na kimoja cha pini kinaingia katikati, msumari mdogo unapita wote. Hii ilikuwa hivyo, na matundu ya mrija yalikuwa yamepanuka upande mmoja kwa sababu pini imefunguliwa na kufungwa miaka mingi, ukiitikisa inacheza kidogo. Hio ni uchakavu wa haki, uko mahali unapaswa kuwa na si kwingine.

Sasa upande wa pili, mahali pini inashikwa, ndio maneno yalianza. Hapo kulikuwa na loki ya kisasa, ile yenye kakipande kanazunguka kufungia pini ndani isichomoke. Hizi zilianza kuonekana sana kuanzia miaka ya 1910 hivi kuja mbele. Kabla ya hapo ilikuwa kulabu tu ya waya mmoja uliokunjwa kama herufi C, na pini ndefu iliyopita ukingo wa brochi ndio ing'ang'anie nguo vizuri. Mtu akiona hio loki anaweza kusema basi brochi ni ya 1920 kuendelea, tufunge. Mimi nikaangalia mahali loki imeshikamana na mwili. Kulikuwa na dimbwi dogo la kijivu kuizunguka, laini, limetambaa hadi juu ya mapambo ya pembeni. Hio ni lihamu ya risasi na bati, haikuwa lihamu ya dhahabu. Sonara aliyeitengeneza brochi hii asingeweka risasi kwa kazi ya karati 15, huyo ni fundi wa baadaye aliyeogopa moto mkubwa utaharibu mawe, akachukua lihamu inayoyeyuka chini ya nyuzi 200 akamaliza kazi.

Chini ya hio lihamu, ukiinamisha brochi kwa mwanga wa dirisha, unaona alama ya zamani, kaduara kadogo ambako kulabu ya C ilikuwa imesimama. Na kuna jambo lingine la karibu zaidi: kingo za loki zilikuwa kali bado, ukipitisha ukucha unashika, ilhali dhahabu ya milimita mbili kando yake imelainika kabisa. Vitu viwili vinavyokaa pamoja na kusuguliwa na nguo ile ile vinafaa kuchakaa pamoja, na kimoja kikiwa kikali na jirani yake laini, kile kikali kimekuja baadaye. Hii ndio njia ninayoiamini kuliko zote, na haihitaji mashine. Ncha ya pini nayo ilikuwa fupi, imekatwa bila kunolewa vizuri, ndio itoshee kwa loki. So loki haituambii umri wa brochi, inatuambia tu umri wa matengenezo.

Kwa hivyo hadi hapo tuna 1854 hadi 1932, ni miaka mingi sana hio, mawe sasa ndio yapunguze.

Almasi zilikuwa zimekaa kwenye vikombe vya fedha, na fedha yenyewe imebandikwa juu ya dhahabu. Hio ilikuwa desturi ya zamani, kwa sababu almasi nyeupe ikizungukwa na dhahabu inachukua unjano. Platinamu ilipoingia kwa wingi kuanzia karibu 1900 hadi vita vya kwanza, masonara wa kazi nzuri wakaiacha fedha polepole, lakini wa kawaida waliendelea miaka kadhaa. Kwa hivyo fedha juu ya dhahabu inanivuta kuelekea upande wa mapema wa hio miaka, bila kunifunga.

Almasi nne zilikuwa za mkato wa zamani, zile zimekatwa kwa mkono, umbo liko kati ya mviringo na mraba uliolainika pembe, mgongo mrefu, uso wa juu mdogo, na ncha ya chini imekatwa bapa badala ya kuchongoka. Ukichungulia kutoka juu unaona kaduara kadogo katikati kama tundu. Hakuna mbili zinafanana. Mashine ya kufanya almasi iwe duara kamili ilianza miaka ya 1870 kule Boston, ikachukua muda kusambaa, na hesabu za mkato wa kisasa zilichapishwa 1919. So hizi nne zinaweza kuwa za 1880 ama mapema. Lakini hapa watu huteleza: almasi hazitupwi, zinatolewa kwa kitu cha zamani zinawekwa kwa kipya. Jiwe zee halifanyi brochi kuwa zee.

Ya tano ilikuwa tofauti. Duara safi, uso wa juu mpana, ncha ya chini imechongoka, na ukingo wake umepigwa nyuso ndogondogo. Hio ni ya baada ya 1919, pengine mbali sana baadaye. Je, ilikuwa ya asili? Nikaangalia kikombe chake. Vile vidole vya fedha vinavyoshika jiwe vilikuwa vimesukumwa upya, vina alama za tupa zote za upande mmoja, na fedha ni nyeupe wakati kwa zile nyingine imekuwa nyeusi hadi ndani ya mikunjo. Jiwe lilianguka, likabadilishwa. Basi nayo tunaiweka kando pamoja na loki.

Linabaki lile jekundu, na hili ndilo liliamua. Familia inaliita yakuti, na kweli ni yakuti kwa madini yake, lakini ndani niliona viputo vya duara, na nilipolitumbukiza kwa maji na kuligeuza polepole kwa mwanga nikaona mistari iliyopinda. Yakuti ya ardhini mistari yake hunyooka na kukutana kwa pembe. Iliyopinda ni ya kutengenezwa kwa moto, njia ya Mfaransa Verneuil aliyoitangaza 1902, na baada ya miaka michache tu mawe hayo yalikuwa yamejaa kwa masonara wa Ulaya.

Kwa hivyo swali lote limekuwa moja, hili jiwe lilizaliwa na brochi ama liliwekwa baadaye? Nikakaa nalo sana. Ukingo wa dhahabu uliokunjwa kulishika ulikuwa mzima pande zote, hakuna alama ya kufunguliwa, na ule mstari wa tujidoti tudogo uliochorwa juu yake unaendelea bila kukatika, umelainika sawasawa na tujidoti twa pembeni. Uchafu wa zamani umejaa kati ya jiwe na dhahabu pande zote. Ukitoa jiwe kwa ukingo wa namna hio lazima uufungue, na ukiukunja tena doti zinaharibika. Hili lilikuwa hapo tangu siku ya kwanza.

Basi brochi ni ya baada ya 1902. Nikiongeza fedha juu ya dhahabu na alama ya kulabu ya C, nilimwandikia mama kati ya 1905 na 1915. Alisikitika kidogo kuhusu yakuti, akauliza, “Kwa hivyo ni feki?” Nikamwambia hapana mama, wakati huo mawe haya yaliwekwa kwa kazi nzuri bila aibu, lakini bei ya kugawana itoke kwa zile almasi na dhahabu, jiwe jekundu msilihesabu kama la mgodini.

Kitu kimoja kwa wale wenye dhahabu ya kihindi, kwa sababu hapa Kisumu iko nyingi tangu reli ifike 1901 na masonara wakaja nayo. Msitumie haya niliyosema kuhusu vikombe. Kwa Ulaya, jiwe lililofungwa nyuma na karatasi ya madini chini yake ni dalili ya uzee, kwa kihindi kazi hio inafanywa mpaka leo. Huko mimi huangalia zaidi skurubu za heleni, meno yake yamekatwa kwa mkono ama kwa mashine, na mahali pete za mkufu zinasuguana, zikiwa zimejichimba mfereji kila moja kwa jirani yake.

Na mkileta kitu, tafadhali msikipige polish kwanza. Hata ile fedha nyeusi iacheni. Kama yule mama angeisugua brochi ikawa nyeupe yote, ningekuwa na kazi ngumu zaidi kutofautisha kikombe cha almasi ya tano na vile vingine vinne.